Tawi la Kihonda linanila laki tano kila mwezi. Nilifunge?

Shikamoo mama. Nina duka la vifaa vya ujenzi Msamvu, Morogoro, na tawi Kihonda. Msamvu panakwenda vizuri. Kihonda, kila mhasibu wangu akifunga hesabu za mwezi, ananionyesha hasara ya kama laki tano, na hali hii imezidi mwaka. Tawi linauza milioni 18 kwa mwezi, nikitoa bei ya kununulia mzigo inabaki faida ghafi ya milioni 3. Gharama ni milioni 3.5: pango 700,000; mishahara ya watu wanne 1,500,000; NSSF na mfuko wa fidia 160,000; umeme, maji na simu 120,000; mzigo unaoharibika 70,000; riba ya mkopo wa kununulia mzigo 350,000; na mgao wa ofisi kuu 600,000, yaani mhasibu, gari na dereva.

Mkataba wa fremu umebakiza miezi 16, na pango nimelipa miezi minne mbele. Nikitoka kabla, mkataba unataka notisi ya miezi mitatu kwa maandishi na faini ya pango la miezi sita. Wafanyakazi ni msimamizi (500,000, yuko nami miaka 6, alianzia Msamvu), wauzaji wawili (350,000 kila mmoja, mmoja miaka 4 na mwingine 2, huyu wa pili nilimtoa Iringa), na mlinzi (300,000, miezi 8). Shelfu na milango ya chuma vilinigharimu milioni 9. Mafundi wa Kihonda wananidai wema wa siku nyingi, nami nawadai pesa. Kaka yangu anasema nifunge kesho, wateja watanifuata Msamvu. Nifanyeje?
Mama Vifaa, Morogoro

Marahaba mwanangu. Usifunge kesho. Inawezekana kabisa ukafunga baada ya miezi minne, lakini kesho hapana, na sababu yake imo ndani ya hesabu hizo hizo ulizonitumia.

Tuanze na ile laki tano. Katika milioni 3.5 za gharama, laki sita ni mgao wa ofisi kuu. Jiulize: siku ukibandika karatasi ya "tumehama" mlangoni Kihonda, mhasibu wako utampunguzia mshahara? Dereva utamlipa nusu? Hapana. Zile laki sita zitahamia zote kwenye mgongo wa Msamvu. Mhasibu hajakosea kuzigawa, maana anataka kujua kila duka linabeba nini, ila mgao huo haufai kuamulia kufunga. Kwa uamuzi huu zihesabu gharama zitakazokufa pamoja na tawi peke yake: pango, mishahara na michango yake, umeme, mzigo unaoharibika, na riba. Jumla yake ni 2,900,000. Tawi linaingiza milioni 3. Kwa hiyo Kihonda, ilivyo leo, inaichangia ofisi kuu laki moja kila mwezi. Ni kidogo mno kwa jasho lake, nakubali. Lakini ukifunga na mteja hata mmoja asikufuate, hutaokoa laki tano, utapoteza laki moja.

Na hapo nimekuwa mpole kwenye riba. Ile 350,000 itakufa endapo tu mzigo wa Kihonda utauzwa na pesa yake ikaenda benki kupunguza mkopo. Kama mzigo utapakiwa kwenye kirikuu na kurundikwa stoo ya Msamvu, riba itaendelea kukatwa kama kawaida, na maana yake tawi lilikuwa linakuchangia 450,000 si laki moja. Kumbuka jambo hili, nitalirudia.

Milioni 9 za shelfu na milango zitoe kichwani. Zilishatoka, na hazirudi ukifunga wala ukibaki. Kinachohesabika ni bei ambayo mtu atakupa leo kwa shelfu zile, au mwenye fremu atakachokubali kukupunguzia ukimwachia milango ya chuma.

Pango la miezi minne uliyolipa nalo limeshatoka, lakini linakupa nafasi. Ndani ya miezi hiyo minne tawi halikudai pango mkononi. Faida ghafi milioni 3, ukitoa mishahara, michango, umeme, uharibifu na riba, inabaki laki nane taslimu kila mwezi. Kaka yako anataka uiache hiyo, na juu yake ulipe faini. Lakini muda wako wa kuamua si miezi minne. Notisi ni miezi mitatu, kwa hiyo ukitaka kutoka siku pango lililolipwa linapoisha, barua lazima iwe mkononi mwa mwenye fremu ndani ya mwezi huu wa kwanza. Una wiki nne za kujua jambo moja ambalo kaka yako amelitamka kana kwamba analijua: wateja wangapi watakufuata.

Swali hilo ndilo linaloamua kila kitu, kwa hiyo tulipe nafasi. Wateja wa duka la vifaa vya ujenzi si kundi moja. Kuna anayepita kununua misumari kilo moja, balbu, koki ya sinki, mfuko mmoja wa saruji anaoubeba kwenye bodaboda. Huyo hakufuati. Anakwenda duka la karibu yake, na siku ukifunga, duka hilo litakuwa la jirani yako. Kuna mwenye nyumba anayejenga, anachukua nondo, mabati na saruji kwa gari. Kwake duka liko wapi si hoja kubwa, anachotaka ni mzigo ufike saiti kwa bei ile ile na kwa wakati. Huyo anaweza kukufuata kwa simu bila kukanyaga Msamvu. Halafu kuna fundi. Fundi hufuata mambo mawili: anayemkopesha mpaka mwenye nyumba alipe, na anayempelekea haraka kazi ikisimama kwa kukosa kitu kidogo. La kwanza unaweza kuendelea nalo ukiwa Msamvu. La pili litakuwa gumu.

Chukua nakala za risiti, daftari la madeni na miamala ya lipa namba ya Kihonda ya miezi mitatu iliyopita, umkalishe msimamizi wako mezani. Yeye anazijua sura. Gawanyeni faida, si mauzo, katika makundi hayo matatu. Nasema faida kwa sababu saruji inajaza kitabu cha mauzo lakini inaacha kidogo, wakati vifaa vya bomba na umeme vinauzwa vichache na kuacha kingi, na hivyo vidogo ndivyo wapita njia wanavyonunua. Ukihesabu mauzo utajidanganya kwamba wanunuzi wakubwa ndio wanaokulisha.

Baada ya hapo jaribu kweli. Kwa wiki tatu, mnunuzi wa Kihonda akipiga simu au akitaka mzigo wa kupelekewa, mhudumie kutoka Msamvu na gari litoke Msamvu. Andika nani amekubali, nani amelalamika kwamba umechelewa, nani hakupiga tena. Usiwaulize "mtanifuata nikihama?" Watu wana adabu, watakwambia ndiyo mama, tutakuja, halafu hutawaona. Oda iliyolipwa ndiyo jibu.

Sasa tuziweke namba pamoja. Kila shilingi ya faida ya Kihonda itakayohamia Msamvu, toa theluthi kwa mafuta na gari, maana unapeleka mbali zaidi. Theluthi hiyo ni makadirio yangu, irekebishe kwa risiti zako za mafuta. Tuseme asilimia 35 ya faida ghafi inakufuata. Hiyo ni 1,050,000, ukitoa usafiri inabaki laki saba. Toa laki moja ambayo tawi lilikuwa linachangia, unabaki na nafuu ya laki sita kila mwezi. Kutoka mwezi wa tano hadi mkataba ungeisha ni miezi 12, jumla milioni 7.2. Faini ya miezi sita ni milioni 4.2. Unatoka mbele kwa milioni 3. Funga.

Lakini tuseme ni asilimia 20 tu. Hiyo ni laki sita, baada ya usafiri laki nne, ukitoa laki moja ni laki tatu kwa mwezi. Miezi 12 inakupa milioni 3.6, na faini imeshaimeza. Hapo ni bora ukae hadi mkataba uishe, uondoke bila faini. Mpaka kati ya hali hizi mbili ni kama robo ya faida ghafi, yaani laki saba hivi kwa mwezi za wateja wanaohama. Na kama riba haitakufa kwa sababu mzigo hautauzwa, mpaka unapanda hadi asilimia 40. Ndiyo maana nikasema nitarudia jambo la riba. Kuanzia mwezi wa pili usiagize mzigo mpya wa Kihonda isipokuwa vinavyotoka kila siku, na kila wiki peleka benki pesa ya mzigo uliouzwa, baada ya kuwauliza kama wanakubali marejesho ya mapema bila tozo.

Umeona sijaweka kiinua mgongo kwenye hesabu ya sasa au baadaye. Kama una uhakika utafunga siku moja, leo au baada ya miezi 16, malipo ya wafanyakazi utayalipa tu. Kusubiri kunayaahirisha na kuongeza mwaka mmoja juu yake. Faini ya fremu ndiyo inayotofautisha tarehe hizo mbili. Lakini pesa ya wafanyakazi lazima uwe nayo mkononi siku ya kufunga, kwa hiyo uijue.

Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mfanyakazi aliyemaliza angalau miezi 12 na anayeondolewa kwa sababu kama yako anastahili mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, mwisho miaka kumi. Kwa duka linalofanya kazi siku sita kwa wiki, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 26 kupata wa siku. Msimamizi, miaka 6, ni kama 808,000. Muuzaji wa miaka 4 ni 377,000. Wa miaka 2 ni 188,000. Mlinzi hajafika mwaka, hana kiinua mgongo, ila notisi na siku zake za likizo anazo. Jumla ni kama 1,373,000. Msimamizi usimhesabie tangu Kihonda ilipofunguliwa. Mwajiri ni wewe, na miaka yake ya Msamvu ni miaka ile ile.

Kwa wanaolipwa kwa mwezi notisi ni siku 28. Wakiifanyia kazi hailipwi zaidi ya mshahara wao wa kawaida. Ukiwaambia waende nyumbani leo, inakuwa mshahara wa mwezi mwingine kwa wote. Likizo ambayo hawajaichukua utailipa pia, ingawa hiyo si gharama ya kufunga, ni deni ulilokuwa nalo tayari. Na kijana uliyemtoa Iringa, yeye na vyombo vyake, nauli ya kurudi ni juu yako, pamoja na posho ya kujikimu akichelewa kusafirishwa. Watu wengi husahau kipengele hiki na ndicho kinachowafikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kinachowaumiza waajiri zaidi ni utaratibu. Kifungu cha 38 kinakutaka uwaarifu wafanyakazi mara tu unapofikiria kupunguza watu, uwape taarifa zinazohusika, na ushauriane nao kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza, nani ataondoka na kwa kigezo gani, lini, na malipo gani. Kama kuna chama cha wafanyakazi kinachotambulika, unashauriana nacho. Kama hakuna, unashauriana na wao wenyewe. Andika muhtasari wa kila kikao na kila mtu atie saini. Mwajiri anayewaita Ijumaa jioni na kuwapa bahasha anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kufunga, bado akaamriwa kulipa fidia ya mishahara ya miezi mingi kwa kuruka hatua hizi. Mkishindwa kukubaliana, suala linapelekwa kwenye Tume kwa usuluhishi kabla hujampunguza mtu.

Naomba usikione kikao hicho kama karatasi za kujilinda tu. Watu hao wanne wanajua mengi kuhusu Kihonda usiyoyajua. Na nina wazo moja la kupeleka mezani: msimamizi wako je, angelichukua duka? Achukue mkataba wa fremu kwa idhini ya maandishi ya mwenyewe, anunue mzigo kwako kwa bei ya jumla, shelfu umuuzie kwa awamu. Faini inaweza kufa hapo hapo, mafundi wanabaki na mtu wanayemjua, nawe unapata mnunuzi wa kila wiki. Usimlazimishe, wala usimkopeshe mzigo wote kwa siku moja. Lakini muulize.

Ukisema utamhamishia mtu Msamvu, hakikisha kuna nafasi ya kazi kweli. Muuzaji mmoja wa 350,000 pamoja na michango yake anakula karibu laki nne kila mwezi, na ile nafuu ya laki sita inabaki laki mbili tu. Kama Msamvu kuna mtu anaondoka, vizuri sana, mpe nafasi hiyo kwa maandishi na utumishi wake uendelee. Akikataa kazi mbadala bila sababu ya msingi, sheria haikulazimishi kumlipa kiinua mgongo. Ila kazi hiyo iwe kazi, isiwe njia ya kukwepa malipo.

Mwenye fremu nenda wewe mwenyewe, usimtume kaka yako. Ile faini ya miezi sita si amri isiyopindika. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 74, inasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa mtu akiuvunja, anayedai anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Yaani milioni 4.2 ni kikomo cha juu. Fremu ya Kihonda iliyo barabarani, ikipata mpangaji mpya ndani ya mwezi mmoja, hasara yake ni ya mwezi mmoja, si sita. Kwa hiyo nenda na barua ya notisi, nenda pia na jina la mtu anayetaka kupanga. Akikubali miezi miwili, yaani milioni 1.4, mpaka wako wa kufunga unashuka kutoka robo hadi kama asilimia 11 ya faida, na kwa duka lenye mafundi wa mkopo kama lako nadhani utauvuka. Mapatano hayo yaandikwe na kutiwa saini na mashahidi kabla hujampa shilingi. Beba pia risiti za kodi ya zuio, ile asilimia 10 ya pango unayopaswa kukata na kuipeleka TRA. Kama hukuwa unakata, lijue hilo kabla ya kukaa naye, maana mkivutana litaibuka.

Limebaki deni la mafundi. Likusanye sasa, kabla ya bango la kuhama. Duka likifungwa, wadaiwa wengi hujiona wamesamehewa, na yule ambaye angekufuata Msamvu atakukwepa kwa sababu ya laki mbili anazodaiwa. Anza na wakubwa, kubali malipo kidogo kidogo kwa lipa namba, na atakayemaliza mwambie wazi kwamba mkopo wake unaendelea Msamvu kwa kiwango kile kile. Wafanyakazi watakuwa wamekwishajua mpango wako kwa wakati huo, na habari zitavuja. Zivuje zikiwa na maneno yako: mzigo utaendelea kufika Kihonda, namba ya simu ni ile ile. Hiyo namba ya tawi usiizime. Ihamishie Msamvu, ipokelewe na mtu anayewajua kwa majina.

Siku ya mwisho kila mfanyakazi aondoke na malipo yake yote, cheti cha utumishi, na uthibitisho kwamba michango yake NSSF haina miezi iliyorukwa. Mashine ya EFD ya tawi usiiweke kabatini, toa taarifa TRA, na leseni ya biashara ya Kihonda iarifu Manispaa kwa barua iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Niandikie wiki ya nne ukiwa na ile asilimia. Ikikaa katikati, asilimia 20 hadi 25, usiamue kabla hujasikia jibu la mwenye fremu.